"Tutaliangalia kwa mtazamo mzuri": kumsikiliza Mjapani hadi moyoni

Tangu nirudi Tanga, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu mshahara wala theluji. Ni hili: "Hivi wale Wajapani ni wanafiki kweli?" Wa kwanza alikuwa mjomba, alipokuja kunipa pole ya safari, na baada yake nimeshalijibu barazani, kwenye daladala, hata msibani. Watu wamesikia kwamba Mjapani ana kauli mbili, ya mdomoni na ya moyoni, wanataka mtu aliyekaa nao awathibitishie.

Nilikaa Nagoya kwa miaka, katika ofisi inayonunua magari yaliyotumika na kuyapakia melini kuja huku kwetu. Jibu langu kwa mjomba lilikuwa hapana, na ninaliandika hapa kwa kirefu kwa sababu barazani sipewi nafasi ya kulimaliza.

Kauli hizo mbili zina majina yake. Honne ni kile mtu anachokihisi na kukitaka hasa. Tatemae ni msimamo anaouweka mbele za watu kwa sababu ya nafasi yake, awe mkuu wa idara, jirani au mgeni. Mnafiki anataka umwamini, na ukimgundua ameharibikiwa. Mwenye tatemae anategemea utamwelewa. Kazi nusu anaifanya msemaji, nusu anaifanya msikilizaji, na Mjapani analelewa tangu utotoni kuifanya hiyo nusu ya pili. Wana msemo wa kusoma hewa, kuki o yomu, na mtu asiyeweza kuisoma husemwa vibaya kazini kuliko hata mvivu.

Sasa hewa inasomwaje? Nitaeleza kikao kimoja, maana ndicho kilichonifungua masikio.

Magari yetu yalikuwa yakisubiri meli kwenye yadi ya kampuni nyingine karibu na bandari. Kila gari lilikuwa na siku kadhaa za kukaa bure, zikipita linaanza kulipiwa. Meli zikichelewa, gharama zinapanda na mteja wa Dar es Salaam au Mombasa analalamika. Bosi wangu, mtu wa makamo aliyezaliwa hukohuko Nagoya, akaomba kikao ili tuongezewe siku za bure. Upande wao walikaa watatu: mkuu wa idara, msaidizi wake, na kijana wa kuandika. Chai ililetwa. Bosi alieleza ombi letu bila haraka. Mkuu wa idara alivuta hewa kati ya meno, akainamisha kichwa upande, akasema kuna ugumu wake kidogo, ila "maemuki ni kento shimasu", yaani tutaliangalia kwa mtazamo mzuri. Wakatusindikiza hadi kwenye lifti, wakainama na kubaki wameinama mpaka milango ikajifunga.

Mgeni yeyote angeshuka na ile lifti akihesabu faida. Tulipoingia kwenye gari bosi alifunga mkanda akasema, "Wamekataa." Nikamwomba anieleze amelisikia wapi hilo neno, na alinieleza njia nzima kurudi ofisini.

Kwanza, alisema, hawakuuliza kitu. Mtu anayefikiria kukuongezea siku atataka kujua ni magari mangapi kwa mwezi, ni makubwa au madogo, unataka kuanzia lini. Wale walisikiliza, wakaitikia kwa vichwa, wakasema "hai", yaani ndiyo, na "naruhodo", yaani kumbe, mahali panapostahili. "Hai" ya namna hiyo maana yake nimekusikia, endelea. Haina uhusiano na kukubali.

Pili, kalamu ya kijana. Wakati wa salamu na habari za soko aliandika mfululizo. Ombi letu lilipotajwa aliandika mstari mmoja, akamtazama mkuu wake usoni, kisha akaweka kalamu mezani. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye na niliiona ile kalamu ikiwekwa. Bosi ndiye aliyejua inamaanisha nini: kijana alikuwa ameshasoma uso wa mkuu wake kabla mkuu hajafungua mdomo.

Tatu, sentensi ile haikuwa na mtu wala siku ndani yake. Nani ataliangalia? Lini? Hakuna aliyetajwa. Kuinama kwenye lifti, alisema, nisikuhesabu hata kidogo, kwa sababu wangeinama vilevile kama wangekubali.

Baadaye niliona "ndiyo" ya kweli inavyofanana, na ilinishangaza kuliko ile "hapana". Ilikuwa na wasafirishaji wa malori. Msemaji wao alikunja uso tangu mwanzo. Akauliza kama magari mabovu yasiyowaka yamo kwenye hesabu, nani atalipa lori likikuta geti limefungwa, akasema bei hiyo itamtesa kwa mkurugenzi. Kisha akatoa kijitabu chake cha ratiba, akaomba tumwandikie maelezo kwenye karatasi moja ili ayazungushe ofisini yapigwe mihuri. Kule uamuzi mkubwa hupita mkono kwa mkono, kila mhusika akigonga mhuri wake, na anayekuomba karatasi ya kuzungusha ameshaanza kukubeba mgongoni. Kwa hiyo ukiwa mezani na Mjapani, anayekusumbua kwa maswali ndiye aliye karibu kukubali. Wa kumwogopa ni anayekubaliana nawe kwa ulaini tangu mwanzo hadi mwisho.

Turudi kwenye yadi. Bosi hakukasirika na hakubisha. Wiki kadhaa zikapita, kukawa na mkusanyiko wa jioni kwenye izakaya, zile baa ndogo za vitafunio na pombe, na watu wa yadi walikuwepo. Mimi nilikuwa na chai yangu ya oolong, hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mkubwa mmoja akatangaza kwamba leo hakuna vyeo. Tangazo hilo nalo ni tatemae: aliyelichukua kwa uzito akamsema meneja wake atakumbukwa kesho asubuhi. Kundi lilipopungua na wachache kuhamia baa ya pili, msaidizi wa yule mkuu wa idara akamsogelea bosi wangu, akashusha sauti, akaacha lugha ya heshima ya ofisini na kuzungumza ya kawaida, akaanza na maneno "koko dake no hanashi", haya yaishie hapa. Hayo ndiyo maneno ya mlango wa honne, pamoja na "jitsu wa", kusema kweli. Akaeleza kwamba nafasi iliyobaki kwenye yadi ilikuwa imeahidiwa mteja wao wa zamani sana, na mkuu wake asingeweza kutuambia kwamba tuko nyuma ya mtu mwingine.

Asubuhi yake hakuna aliyeligusa jambo lile, na hapo ndipo ninapowaheshimu. Bosi hakupiga simu kusema "nimesikia mmempa fulani". Alisubiri kidogo, akapeleka ombi jingine: siku za bure zibaki zilezile, ila tupewe kuingiza magari karibu zaidi na siku ya meli, hata jioni. Safari hii walituuliza ni malori mangapi kwa jioni moja. Tukapewa. Kama kwenye kikao cha kwanza mkuu wa idara angelazimishwa kutamka "hapana" mbele ya vijana wake, kurudi na ombi la pili kungekuwa kama kumrudisha alikotoka. Tatemae ilimwachia heshima yake, ikatuachia na sisi mlango.

Msidhani ni hesabu isiyokosea. "Kento shimasu" mara nyingine ni ukweli mtupu, kwa sababu aliye mbele yako hana mamlaka ya kujibu na lazima apeleke juu. Kwenye simu huioni kalamu. Wajapani wenyewe husomana vibaya, na nimekutana na wengi waliosema wazi kilichomo moyoni tangu siku ya kwanza. Kipimo kinachobaki ni muda. Unaacha siku zipite, unauliza kwa upole jambo limefikia wapi, kisha unalinganisha jibu jipya na la zamani. Likija na kitu kilichoongezeka, jina la mtu, siku, swali, karatasi inayohitajika, basi kuna mtu anahangaika nalo. Ikirudi sentensi ileile ya mwanzo, imekwisha, na kuuliza mara ya tatu ni kumwaibisha mwenzako.

Kuna pia sifa zinazotolewa ili kukusahihisha. Watu wa Kyoto ndio wanaotajwa zaidi kwa hili. Jirani akikuambia mwanao amekuwa hodari wa piano, angalia saa anayopigia. Lile simulizi la mwenyeji wa Kyoto kukukaribisha wali wa kumwagiwa chai ili uelewe ni wakati wa kuondoka limekuwa hadithi zaidi ya mazoea, na wenyeji wengi huwaambia wageni hawajawahi kulisikia likisemwa nyumbani kwao. La piano linafaa kuchukuliwa kwa uzito zaidi, kwa sababu linafuata kanuni ileile: jiulize kwa nini mtu huyu analisema hili, kwangu, saa hii.

Mjomba aliposikia yote haya alisema, "Basi mwanangu, na sisi tunayo. Mtu akikuambia inshallah huku anatazama pembeni, si umeshajua?" Tunayo, kweli. Karibu ya mtu aliyeinua uso na kusogea jamvini unaijua, na karibu ya aliyeinama kwenye sahani unaijua pia. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule watu wanaliongelea kama ujuzi wa kazi, mkubwa anamfundisha mdogo ndani ya gari kama bosi alivyonifundisha, na anayekosea kusikia ndiye anayelaumiwa. Huku tunamlaumu aliyesema.

Juzi binamu yangu, anayeagiza magari kwa ajili ya wateja wa Tanga na Arusha, alinionyesha ujumbe wa muuzaji wake wa Japani. Aliomba apunguziwe bei kwa kuchukua magari kwa mkupuo. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, lakini mifupa yake niliitambua mara moja: tunashukuru sana kwa ombi lako, tutaliangalia kwa mtazamo mzuri. Binamu alikuwa ameshawaambia wateja bei mpya inakuja. Nikamwambia, kaka, waombe radhi wateja leo, na kwa muuzaji usiulize tena habari ya punguzo. Muulize kitu kidogo chenye jibu: ukichukua manne ya aina moja, yanaweza kupakiwa meli moja?

Jibu lilikuja siku ya pili. Muuzaji aliuliza kama lazima yawe rangi moja, na kama malipo yatatoka benki moja au mbili. Binamu akaniona ninatabasamu, akaniuliza mbona bei haijatajwa popote. Nikamwambia ajibu yale maswali yote mawili, leo hii, kwa ukamilifu.