Muhtasari wa kikao cha matokeo

Leo nimemaliza kuchapa muhtasari wa kikao cha walimu cha kutathmini matokeo ya Kidato cha Nne. Mimi ndiye katibu. Wahudhuriaji, kufungua kikao na yatokanayo vilinichukua muda mfupi. Kilichonikalisha mezani mpaka jioni ni ajenda ya tatu, Hisabati.

Mtaaluma alibandika matokeo ukutani, na mjadala ukaanza kwa maneno ya kila mwaka: watoto hawajitumi, msingi wa shule ya msingi ni mbovu. Hayo sikuyaandika kama maazimio, kwa sababu hakuna anayeweza kuulizwa mwezi wa tatu ameyafikisha wapi. Niliandika sentensi moja tu kwamba wajumbe walitaja juhudi ndogo za wanafunzi, nikasubiri mtu aseme jambo la kushikika.

Likasemwa na mwalimu wa Jiografia. Aliomba tuchukue mtahiniwa mmoja wa mchepuo wa sanaa tumhesabu pamoja. Mtoto huyo alikuwa na masomo saba tu. Kiswahili alipata B, yaani pointi 2. Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza na Biolojia alipata C, pointi 3 kila moja. Hisabati F, pointi 5. Jumla 22, daraja la tatu. Angepata D ya Hisabati, pointi 4, jumla ingekuwa 21, na daraja la pili linaishia hapo hapo kwenye 21. Mwenzake wa sayansi mwenye masomo tisa akipata F hiyo hiyo anaweza asidhurike, kwa kuwa zinahesabiwa saba bora. Ukumbi ulitulia. Hesabu hiyo niliiweka yote kwenye muhtasari, bila jina wala namba ya mtihani ya mtoto, maana bila yake msomaji hataelewa kwa nini tuliamua kuanza na watoto wa sanaa.

Mwalimu mmoja akasema wengi wa hao wa F "walikosa kidogo tu". Hapo nilinyoosha mkono. Baraza la Mitihani linatuletea gredi, halituletei alama. F ni kuanzia 0 hadi 29, na aliyepata 28 anafanana kabisa na aliyepata 4. Nikaomba tuangalie alama za moko, ambazo tunazo wenyewe. Mtaaluma akaleta faili. Baadhi walikuwa kwenye ishirini na kitu, lakini wengi walikuwa chini ya kumi. Kwa hiyo muhtasari unasema hivyo, na unataja wazi kuwa ni alama za moko.

Kisha ikatoka sababu iliyoniuma. Darasa hilo lilikaa muhula mzima wa Kidato cha Tatu bila mwalimu wa Hisabati. Duara, Dunia kama Tufe na Akaunti zilipitishwa juu juu. Kuna aliyetaka iandikwe kwamba idara ilizembea. Niliandika kilichotokea: mada zipi, muhula upi, mwalimu hakuwepo. Mdhibiti ubora akija kusoma, ataona pengo lilipo, na hakuna mwalimu atakayebeba lawama ambayo kikao hakikuithibitisha.

Kwenye maazimio nilikuwa mgumu, na sijutii. Walisema "kuimarisha ufundishaji wa Hisabati". Nikauliza nani, lini, na tutajuaje kuwa limefanyika. Tuliposhuka kwenye jambo lenyewe ikawa hivi: mkuu wa idara ya Hisabati atapakua taarifa ya Baraza ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, alinganishe maswali yaliyowashinda wengi na mada zetu tatu, kisha awasilishe kwa Mtaaluma kabla ya Februari 15. Mada hizo zitarudiwa kwa Kidato cha Nne wa sasa, Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, na ushahidi utakuwa mazoezi yaliyosahihishwa pamoja na jaribio moja kila mada inapoisha. Kila azimio nililisoma kwa sauti kabla ya kuhamia lingine, na aliyetajwa akakubali mbele ya wote.

Moja halikuingia kwenye jedwali la maazimio. Walimu walitaka wazazi wachangie posho ya mwalimu wa kujitolea wa Hisabati. Natamani sana apatikane, maana waliopo hawatoshi. Lakini kikao cha walimu hakiwezi kuwapangia wazazi mchango, kwa hiyo nimeliandika kuwa pendekezo la kupelekwa kwenye bodi ya shule, mhusika Mkuu wa Shule. Kesho asubuhi nampelekea rasimu aipitie, na hilo ndilo nitakaloomba tulizungumze kwanza, kwa sababu tarehe ya kikao cha bodi bado haijapangwa na vipindi vya marudio vinaanza wiki ijayo.