Bakuli la urojo na mistari ya Paskali

Nasomesha tusheni ya hesabu hapa Unguja mjini, na kwenye mada ya binomia kuna swali moja ambalo vitabu hulipita mbio. Kuichora pembetatu ya Paskali si tabu: kila mstari unaanza na 1 na kuishia na 1, na kila namba ya katikati ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Wanafunzi wanajumlisha mstari mmoja mmoja, wanapata 1, 2, 4, 8, 16, 32. Hapo lazima atokee wa kuuliza, "Maalim, mbona jumla inazidi mara mbili tu, haikosei?"

Kitabu kinajibu kwa kuweka x = 1 ndani ya (1 + x)^n, ikatoka 2^n. Jibu ni sahihi, ila linamwacha mtoto na alama za kukariri. Mimi nikaamua kuanzia kwenye urojo.

Tuseme muuzaji ana vitu vinne vya kutia: kachori, bajia, mishkaki na yai. Wewe unasema kipi utiliwe na kipi usitiliwe, kila kitu kimoja tu au hakuna. Kila bakuli linaloweza kutoka ni seti ndogo ya vile vitu vinne. Niliwaambia waandike mabakuli yote, wayapange kwa idadi ya vitu vilivyomo. Yenye kitu kimoja ni 4, yenye viwili ni 6, yenye vitatu 4, lenye vyote 1. Darasa zima likapata 15, isipokuwa msichana mmoja aliyepata 16. Alikuwa amehesabu urojo mtupu. Wenzake wakabisha kuwa hiyo si oda, naye akawajibu, "Kwani hulipi?" Ndiyo seti tupu hiyo, na ndiyo ile 1 ya mwanzo wa mstari. Ukihesabu seti ndogo ukapata pungufu ya moja kuliko 2, 4, 8, 16 na kuendelea, mara nyingi hiyo ndiyo umeiacha.

Sasa muuzaji analeta chipsi za muhogo. Nikawauliza: yale mabakuli 16 yamekwenda wapi? Hayakwenda popote, bado unaweza kuyaagiza bila chipsi. Lakini kila moja limepata pacha wake, lile lile likiwa na chipsi juu. Hakuna bakuli jipya lisilokuwa na pacha, maana ukiondoa chipsi unarudi kwenye moja ya yale 16. Kwa hiyo 16 na 16, 32. Hakuna kitu kingine nyuma ya kule kuzidi mara mbili.

Kilichowafurahisha zaidi ni kuona kuwa pembetatu yenyewe inafanya kazi hiyo hiyo:

```
1   4   6   4   1
1   5   10   10   5   1
```

Chukua ile 10 ya kwanza, yaani mabakuli yenye vitu viwili kati ya vitano. Yasiyo na chipsi ni 6, viwili kati ya vile vinne vya zamani. Yenye chipsi yanahitaji kitu kimoja tu cha kuongezea, nayo ni 4. Sasa itazame ile 6 ya juu peke yake. Imeingia kwenye 10 ya kushoto (mabakuli yaliyobaki na vitu viwili), ikaingia tena kwenye 10 ya kulia (mabakuli yale yale yakiwa na vitatu). Kila namba ya juu inashuka mara mbili, mara moja bila chipsi na mara moja na chipsi. Basi jumla ya chini itaachaje kuwa mara mbili ya juu?

Jumla hii naitumia pia kusahihishia madaftari, lakini siitegemei peke yake. Mwanafunzi anaweza kuandika 1 6 14 21 15 6 1, ukajumlisha ukapata 64 kamili, na mstari ukawa na makosa. Unaligundua kwa kuusoma kinyumenyume: kuchagua viwili vya kutia kati ya sita ni sawa na kuchagua vinne vya kutia, kwa sababu ukitia vinne umechagua viwili vya kuacha. Namba hizo lazima zilingane, na 14 hailingani na 15.

Halafu kijana mmoja akataka aruhusiwe kachori mbili. Hapo kachori ina hali tatu: hakuna, moja, au mbili, na kuzidi mara mbili kunavunjika. Vile vinne vingine vinatoa 16, kachori inazidisha kwa 3, unapata 48. Ukiyapanga mabakuli kwa idadi ya vipande vilivyomo, mstari unakuwa 1 5 11 14 11 5 1. Haumo kabisa kwenye pembetatu ya Paskali, maana ile 14 imetoka kwenye 4 + 6 + 4, namba tatu za juu badala ya mbili.