Chawa Juu ya Jani

Boti kutoka Kigoma ilifuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini, tukalala kijiji kimoja kabla ya kuingia Hifadhi ya Mahale kuwatazama sokwe. Asubuhi, uani kwa mwenyeji wetu, kuku alikuwa amelala ubavu kwenye shimo alilojichimbia, akijirushia vumbi hadi kwenye mizizi ya manyoya. Nilidhani anaumwa. "Mwache, mwanangu, anapunguza utitiri," mama akaniambia. Kanga na kwale wa porini hufanya vivyo hivyo: vumbi hunyonya mafuta ya manyoya, na wadudu hukosa raha ya kukaa.

Ila sokwe sikuwahi kusikia kwamba wanaoga vumbi. Wao wana mikono.

Tuliwakuta baada ya saa mbili za kupanda mlima. Tukavaa barakoa, tukasimama mita kumi, na saa yetu moja ya kuwatazama ikaanza kuhesabiwa. Jike mmoja alikuwa amekaa nyuma ya mwenzake, anamchambua kisogo, akigawa manyoya kwa kidole gumba na kuokota kitu kwa midomo. Ghafla akachuma jani, akalisogeza mdomoni, akatema kitu juu yake. Akalikunja, akalibana kwa kucha za vidole gumba, akalifunua, akachungulia, akabana tena. Mwisho akakila alichokiua.

"Chawa huyo, dada," mwongozaji alininong'oneza. Chawa wa sokwe na chawa wa vichwa vyetu ni ndugu, na kumbana kwa kucha ndivyo bibi yangu alivyofanya, ila yeye hakutumia jani. Nilipowaangalia vizuri kwa darubini nikaona kwamba wanachambuana hasa kisogoni na mgongoni, mahali ambapo mwenye mwili haoni.

Minyoo ya tumboni, kucha haziifikii. Njiani kushuka mwongozaji alituonyesha kichuguu kilichomegwa pembeni. Sokwe hula udongo huo. Watafiti waliupima wakakuta umejaa udongo wa mfinyanzi wa jamii ileile iliyotumiwa kwenye dawa za kuzuia kuharisha: hushika sumu na kutuliza utumbo uliochafuka. Nikauliza kama unaua minyoo. Akatikisa kichwa. Udongo unampunguzia mgonjwa maumivu tu. Kuiondoa minyoo yenyewe sokwe humeza majani yenye vinyweleo, mazimamazima bila kutafuna, na minyoo hutoka pamoja na majani kwenye kinyesi. Ukikuta kinyesi chenye jani zima lililokunjwa, akasema, hapo kuna aliyejitibu.

Usiku kambini shingo ilianza kuniwasha. Nilipapasa nisione kitu, nikamwomba mwenzangu wa safari anitazame. Akawasha tochi ya simu, akagawa nywele zangu kisogoni kwa kidole gumba.

"Kupe," akasema. "Tulia hivyo hivyo."