Nilivyoacha kazi ya upolisi Tanga: kwetu hakuna notisi

Ofisa utumishi wa kampuni iliyotaka kuniajiri, ofisi zao haziko mbali na bandari, alinikabidhi barua ya ajira akaniambia nikatoe notisi ya mwezi huko niliko, halafu niripoti kwake tarehe moja. Wakati huo nilikuwa koplo wa upelelezi hapa Tanga mjini. Nikamwambia, "Dada, kwetu hakuna notisi." Akacheka, akidhani namtania. Sikumlaumu, maana mtu ambaye hajapita depo hawezi kulijua hilo, na hata askari wengi hawalijui mpaka siku inapowafika.

Mdogo wangu aliwahi kuacha kazi kiwandani huko Pongwe. Aliandika barua ya nusu ukurasa, akaipeleka utumishi, akafanya kazi siku zake 28, akachukua cheti chake na kuondoka. Siku hizo 28 zimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, kwa anayelipwa kwa mwezi. Bosi wake alinuna, lakini kununa kwake hakukubadili kitu. Angegoma kufanya kazi zile siku za notisi, angekatwa fedha zake basi. Notisi ni taarifa, na mwenye kupewa taarifa haombwi ruhusa.

Sasa ukiifungua sheria hiyohiyo mwanzoni kabisa, kifungu cha 2, utakuta imewatoa watu wanne: Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mstari huo mmoja ndio unaobadilisha kila kitu. Zile siku 28 hazituhusu, na ukikwama huwezi kwenda kushtaki pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama mfanyakazi wa kiwandani. Sisi tunaongozwa na Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, pamoja na kanuni zake na ile PGO, yaani amri za kudumu za polisi, tuliyokaririshwa chuoni Moshi. Huko askari anaomba kuacha kazi. Mpaka ombi likubaliwe, wewe bado ni askari mwenye kiapo, unapangwa lindo, unahamishwa na unaamrishwa kama jana. Ukiacha kuripoti kwa sababu barua umeshaipeleka, huo ni utoro. Utashtakiwa kijeshi na kufukuzwa, na jalada lako litasoma "alifukuzwa" badala ya "aliacha kazi". Kwa anayetafuta kazi ya ulinzi au ya serikali baadaye, tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa mno. Binamu yangu yuko JWTZ, na kwao kamba imekazwa zaidi: wako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, na anayetoweka kambini anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi yenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya halikuwa kuandika barua. Nilirudi kwa yule dada wa utumishi nikamwomba barua ya ajira iandikwe upya, isomeke kwamba nitaanza kazi baada ya kuwasilisha kibali cha kuacha utumishi wa polisi, bila kutaja tarehe. Alikwenda kuuliza kwa wakubwa wake, wakakubali kwa shingo upande. Nisingekubali kusaini mkataba wa kazi ya pili huku nimevaa sare. Askari haruhusiwi kushika ajira nyingine bila ruhusa, na hilo peke yake lingetosha kunifungulia mashtaka katikati ya ombi langu.

Barua yenyewe ilinichukua jioni kadhaa, si kwa urefu, kwa maneno. Kuna mifano inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ambayo imenakiliwa kutoka barua za uraiani: "natoa taarifa ya mwezi mmoja ya kuacha kazi." Sajini Meja mmoja tuliyekuwa tunaishi naye kota alinionya mapema. "Mwanangu, ukiandika natoa taarifa, umemwamrisha IGP. Andika naomba." Basi kichwa cha habari nikaweka OMBI LA KUACHA KAZI KWA HIARI. Inaelekezwa kwa Inspekta Jenerali, lakini chini ya anwani yake kuna mistari ya "kupitia": Kamanda wa Polisi Mkoa, chini yake Mkuu wa Polisi Wilaya, chini yake mkuu wangu wa kituo. Ndani niliweka namba yangu ya jeshi, cheo, tarehe niliyoajiriwa, kituo nilipo, sababu, na tarehe ninayopendekeza kuondoka. Neno "ninayopendekeza" nalo lilitoka kwa mzee huyohuyo.

Kwenye sababu nilikuwa na mengi ya kusema. Kulikuwa na uhamisho ulionikera, na kulikuwa na mkubwa mmoja ambaye hatukupatana. Sikuandika hata moja. Barua hiyo inapopanda, kila ofisa inakopita anaandika maoni yake pembeni kabla ya kugonga muhuri. Ukiweka malalamiko, yule unayemlalamikia, au rafiki yake, analazimika kuyajibu, na barua inageuka jalada la uchunguzi. Itakaa hapo. Niliandika kwamba nimepata kazi itakayoniwezesha kubaki karibu na mama ambaye ni mgonjwa, jambo ambalo ni kweli, nikaishia hapo.

Mkuu wa Polisi Wilaya aliniita. Nilipiga saluti, akaniacha nimesimama akiisoma mara ya pili. Hakuniuliza kwa nini naondoka. Aliuliza kama nina tuhuma yoyote ya nidhamu inayoendelea, kama nina silaha mikononi, na nina majalada mangapi. Baadaye nilielewa kwamba hayo ndiyo anayotakiwa kuyajibu huko juu. Mwenye mashtaka ya nidhamu anayeomba kuacha anaonekana anakimbia, na wengi wa namna hiyo ombi lao hulazwa mpaka shauri liishe. Mimi sikuwa na tuhuma. Majalada nilikuwa nayo.

Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Mhasibu akiacha kazi anakabidhi funguo na kompyuta. Mpelelezi anakabidhi kesi za watu, na nyuma ya kila kesi kuna kielelezo ambacho mahakama itataka kujua kilipita mikono ya nani. Sikusubiri jibu kutoka Dodoma. Nilianza mara moja, nikiwa na mwenzangu aliyeteuliwa kupokea, na mtunza vielelezo akiwa na kitabu chake, PF 16.

Nitaeleza jalada moja tu. Lilikuwa la mirungi iliyokamatwa kwenye pikipiki, barabara ya Horohoro. Kwenye jalada kulikuwa na maelezo ya mtuhumiwa, hati ya upekuzi, ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na pikipiki aina ya Boksa iliyokuwa uani. Tulisoma namba ya jalada kwenye kitabu, tukailinganisha na lebo iliyofungwa kwenye usukani. Zikafanana. Kisha tukaangalia namba ya chesisi: kitabuni tarakimu ya mwisho ilikuwa 3, kwenye chuma ilikuwa 8. Aliyeandika siku ya kupokea alikuwa ameisoma kwenye giza, chuma chenyewe kina kutu. Wakili wa utetezi akiliona hilo kizimbani, atasema pikipiki iliyo mahakamani siyo iliyokamatwa, na shahidi wa kuulizwa atakuwa mimi, niliyekwisha kuwa raia. Hatukufuta wala kuandika juu ya tarakimu. Mtunza vielelezo aliandika maelezo ya pembeni kueleza tofauti, akaweka tarehe, tukasaini watatu, na mwenzangu akaandika maelezo yake ya nyongeza ndani ya jalada. Ndipo nikaandika hati ya makabidhiano kwa mstari: nini, kiko wapi, kimebaki nini kufanyika, shahidi gani bado hajahojiwa. Nakala moja jalada, moja kwake, moja kwangu. Tulifanya hivyo kwa kila jalada, na ndiyo sababu nasema kukabidhi kulinila muda kuliko barua.

Miezi ilipita. Nilipangiwa doria kama kawaida, sikukuu zikapita nikiwa lindo. Mara moja dada wa utumishi alipiga simu kusema wakubwa wake wanachoka. Nilimwonyesha nakala yangu yenye mihuri ya wilaya na mkoa, ikawatuliza. Mhuri huo ndio ushahidi pekee kwamba ombi liko njiani, kwa hiyo dai nakala iliyogongwa kila inapopita, na umwulize karani wa masjala barua imetoka na kumbukumbu namba ngapi. Ukiuliza "barua yangu imefika wapi" bila namba, jibu ni bega.

Upande wa fedha niliuangalia wakati huohuo. Nilikuwa na mkopo URA SACCOS, chama cha akiba na mikopo cha polisi, na mwingine wa benki, yote inakatwa kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, makato yanakoma, deni halikomi. Nilikwenda kote kuwili kabla ya kibali, nikapanga namna ya kulipa. Kuhusu PSSSF, wapo wanaodhani ukiacha mwenyewe utachukua fao la kukosa ajira. Fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Na pensheni inahitaji miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, ambayo mimi sikuifikisha. Niliomba taarifa ya michango yangu ikiwa kwenye karatasi, nikaihifadhi. Jambo jingine: mshahara ukiendelea kuingia baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye kibali, usiuguse. Mimi uliingia mmoja. Niliripoti kwa maandishi na kuurudisha, na stakabadhi ninayo.

Kibali kilipokuja, kilikuwa na mistari michache tu: ombi limekubaliwa kuanzia tarehe fulani, akabidhi mali zote za Jeshi. Tarehe haikuwa ile niliyopendekeza. Nilikwenda stoo na begi. Sare, mkanda, buti, kofia, pingu, kitambulisho, kila kimoja kikiwekwa tiki kwenye orodha. Kofia moja ilikuwa imepotea zamani, nikailipia. Usibaki hata na beji ya kumbukumbu, maana kifaa cha polisi kwa raia ni kosa. Kota niliachia funguo wiki hiyohiyo, tukahamia Mabokweni kwa mama.

Yule dada wa utumishi alipokea nakala ya kibali, akaisoma, akajaza tarehe kwenye mkataba. Nilimwomba kitu kimoja kiingizwe: kwamba nikiitwa mahakamani kwa kesi nilizopeleleza nipewe ruhusa. Kuacha kazi hakukutoi kwenye orodha ya mashahidi, na samansi ikija ni amri ya mahakama, uwe na sare au usiwe nayo. Ile ya pikipiki imeshakuja. Nilisimama kizimbani kwa suruali ya kitambaa, wakili akauliza kuhusu ile 3 na ile 8, nikamwomba hakimu yasomwe maelezo yaliyoandikwa pembeni ya PF 16.