Kuijua njia ya kwa shangazi kabla ya kufika

Leo nimefika kwa shangazi, Mji wa Kale wa Mombasa, bila mtu kuja kunipokea. Laini yangu ni ya Tanzania na bando lake halifanyi kazi nikishavuka Horohoro, kwa hiyo jana usiku, nikiwa bado Tanga, nilikaa na Google Maps mpaka njia ikaniingia kichwani.

Nilianza na picha ya setilaiti. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Lakini ukiwa chini barabarani umbo hilo hulioni, unaona ukuta tu. Ndiyo maana kutoka juu mimi hutafuta vitu vingine: makutano yalivyokaa, barabara inapopinda, mahali palipo wazi. Na vivuli. Mnara wa msikiti kutoka juu ni kinukta, unaweza kuudhania tangi la maji. Kivuli chake ndicho kinachoutambulisha, maana hulala chembamba na kirefu juu ya mapaa ya jirani.

Kisha nikaingia kwenye picha za mtaani. Hapa nina sharti moja: naigeuza picha itazame kule ninakoelekea, kwa sababu jengo lilelile ukilijia kutoka upande wa pili ni kama jengo jingine. Nikaifuata Barabara ya Nkrumah hivyo, nikalipita kanisa kuu la Kikatoliki, hadi ngomeni. Naangalia pia tarehe ya picha. Kibanda chenye rangi za kampuni ya simu sikitegemei hata kidogo. Mwaka mmoja tu, kimepakwa rangi nyingine au kimevunjwa. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe mnene chini na mwembamba juu, umekuwapo kwa karne nyingi.

Uchochoro wa shangazi wenyewe haukuwa na picha, gari la kamera lisingepenya. Ikabidi nirudi kwenye setilaiti nihesabu mistari myeusi kati ya mapaa kuanzia msikitini. Si kila mstari ni njia. Mwingine ni ua wa nyumba. Njia ya kweli utaiona imetokeza pande zote mbili, ya ua huishia katikati. Nikapata kwamba wa kwangu ni wa tatu.

Jambo la mwisho nililoliandika kwenye karatasi ni alama ya kuniambia nimepitiliza: nikifika kwenye uwanja ulio karibu na bandari ya zamani, nigeuke. Sikufika huko. Shangazi aliponiuliza nani kanileta, nikamtajia msikiti na uchochoro wa tatu. Akasema binamu zangu wa Nairobi mpaka leo hupotea hapohapo, na kesho nimchoree mdogo wao njia hiyo kabla hajapanda basi.