Mistari ya REJECT

Juma lililopita kijana anayejifunza kazi kwangu aligeuza kompyuta yake, iliyojaa mistari ya logi za mtandao ikionyesha mawasiliano yaliyozuiwa, na kuniuliza, "Kaka, hizi REJECT zote ni za nani?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba nyingi si za mtu tunayemjua, kisha nikakaa kimya, kwa sababu nilikumbuka mchana mmoja wa Machi 2023 pale Kigoma, wakati REJECT moja tu kati ya mamia ndiyo iliyokuwa yetu.

Mfumo wenyewe ulikuwa mdogo: wenye dagaa pale mwalo wa Kibirizi walipima mizigo, karani akaingiza uzito kwenye ukurasa wa mtandaoni, na seva iliyokodiwa kwenye wingu la AWS ikahifadhi hesabu. Tatizo lilikuwa kwamba ukurasa ulifunguka asubuhi, ukakataa saa nne, ukafunguka mara moja saa tano, kisha ukakataa kabisa. Mwenzangu aliyekuwa Dar es Salaam, katika ofisi yenye intaneti ya nyaya, hakuona kasoro yoyote. "Mkuu, kwangu unafunguka," aliniambia kwa simu, na kila mtu aliyekuwa karibu akaafikiana kwamba hiyo ndiyo intaneti ya Kigoma, tumeizoea. Mama Mhasibu alikuwa ameshanunua bando la pili.

Jambo lililonifanya nisikubali hukumu hiyo ni namna ukurasa ulivyokataa. Kivinjari hakikusema kwamba kimekataliwa. Kilizunguka muda mrefu kisha kikasema muda umekwisha. Seva inapofikiwa lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti, yaani mlango wenye namba wa mawasiliano, kwa kawaida hutuma jibu la kukataa papo hapo. Kimya kirefu mara nyingi humaanisha kwamba pakiti zinatupwa mahali fulani njiani bila mtumaji kuambiwa, na ukuta wa AWS, yaani sheria zinazochuja mawasiliano ya seva, hufanya hivyo hivyo: neno REJECT huandikwa kwenye logi, lakini mteja haoni chochote.

Kwa bahati, VPC Flow Logs zilikuwa zimewashwa kwenye kadi ya mtandao ya seva ile. Logi hizi hazihifadhi yaliyomo ndani ya pakiti. Huandika tu nani alimtumia nani, kwa poti zipi, pakiti ngapi, na kama ziliruhusiwa. Nilipochuja neno REJECT peke yake nilipata mvua ya mistari: wageni wa duniani kote wanaojaribu poti 23, 3389 na 22, kama wanavyofanya kwa kila anwani iliyo wazi kwenye intaneti. Hakuna hata mmoja uliokuwa ukielekea poti 443, ambayo ndiyo karani aliyokuwa akiitumia. Ukiishia hapo utahitimisha kwamba ukuta hauna kosa.

Kwa hiyo niliacha kutafuta neno, nikatafuta mtu. Niliunganisha kompyuta kwenye hotispoti ya simu ya karani, nikaangalia anwani ya IP tunayoonekana nayo huko nje, nikajaribu kufungua ukurasa, kisha nikasubiri. Kusubiri huko ni sehemu ya kazi, kwani logi hukusanywa kwa vipindi, na hata kipindi kikiwa cha dakika 1 huchukua dakika kadhaa zaidi kufika pale unapozisomea. Halafu niliuliza hivi (anwani nimezibadilisha):

```
fields @timestamp, srcAddr, srcPort, dstAddr, dstPort, packets, bytes, action
| filter srcAddr = "203.0.113.45" or dstAddr = "203.0.113.45"
| sort @timestamp asc
```

Ikaja mistari miwili ya dakika ile ile:

```
203.0.113.45 18231 10.0.1.25 443   6  360 ACCEPT
10.0.1.25 443 203.0.113.45 18231  11  660 REJECT
```

Niliitazama mistari hii kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji, nadhani kwa sababu ya raha. Wa kwanza unasema kwamba ombi letu lilifika na likaruhusiwa. Tena pakiti 6 zenye baiti 360 ni baiti 60 kila moja, ukubwa ambao kompyuta ya Linaksi hutumia kwa pakiti ile ya kwanza kabisa ya kuomba muunganisho. Maana yake kompyuta yangu ilirudia ombi lile lile na haikuwahi kusonga mbele. Mstari wa pili ni wa upande mwingine: seva ndiyo mtumaji, poti 443 ndiyo chanzo, na anayezuiwa ni jibu. Tulibisha hodi, tukasikika, lakini ile "karibu" ikakamatwa mlangoni ikitoka.

Hapo swali la nani amezuia lilijijibu. REJECT ikiwa peke yake haikuambii kama aliyezuia ni kundi la usalama la seva, yaani `security group`, au orodha ya ruhusa ya subneti, kile kipande cha mtandao ambamo seva imo, yaani `network ACL`. Lakini kundi la usalama hukumbuka: likishaliruhusu ombi kuingia, jibu lake hutoka bila kuulizwa. Orodha ya subneti haikumbuki lolote. Kila pakiti, hata ya jibu, hupimwa upya. Ombi kupita na jibu lake kuzuiwa ni alama ya orodha hiyo. Kama nisingepata mstari wowote, ningekwenda kuangalia jedwali la njia na lango la intaneti, kwa maana pakiti zisingekuwa zimefika kabisa.

Nilifungua sheria za kutoka za orodha hiyo, nikakuta:

```
100  TCP  32768-60999  0.0.0.0/0  ALLOW
*    ALL  ALL          0.0.0.0/0  DENY
```

Aliyeiandika, ambaye alikuwa ameshaondoka, hakuwa mjinga. Poti 32768 hadi 60999 ndizo Linaksi huchagua kwa kawaida inapoanzisha mawasiliano yenyewe. Ila jibu haliendi kwenye poti iliyochaguliwa na seva. Linakwenda kwenye poti ya mteja, na kwa mtu wa simu hata kompyuta yake haina usemi wa mwisho, kwa kuwa kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na kuwatofautisha kwa kuwapa poti inazotaka yenyewe. Sisi tulipewa 18231. Asubuhi karani alipofanikiwa, bila shaka alipewa namba iliyoangukia ndani ya sheria, na nilipochuja majaribio ya mwenzangu wa Dar es Salaam nilikuta poti yake ni 51544.

Niliongeza sheria namba 110 ya poti 1024 hadi 65535, na ukurasa ukafunguka palepale, kwani sheria za orodha hii huanza kazi bila kuwasha seva upya. Mistari iliyofuata ilikuwa ACCEPT pande zote mbili, na pakiti zake zilikuwa za ukubwa mbalimbali.

Mpaka leo sijaamua kama orodha ile ilistahili kuwapo. Kundi la usalama lilikuwa tayari linalinda mlango wa kuingilia, na sheria ya kutoka iliyopanuliwa kiasi kile haizuii mengi. Lakini kufuta ukuta wa mtu aliyeondoka bila kukuachia sababu zake ni jambo jingine, kwa hiyo niliuacha. Mama Mhasibu, kwa upande wake, alisema lile bando la pili ni zuri kuliko la kwanza, na akaendelea kulinunua.