Anyuiti au kujichotea mwenyewe: nilivyopanga pesa ya uzeeni nikimwangalia mama yangu wa miaka 93

Mimi nimekulia baraki ya polisi Nsambya, Kampala, ndio maana Kiswahili kwangu ni cha nyumbani, mnisamehe kikiwa cha kibaraki baraki hivi. Nilipofika 55 nikachukua pesa yangu yote ya NSSF kwa mkupuo, ilikuwa shilingi za Uganda milioni 160. Ofisini waliniaga na keki, nikasema sasa napumzika.

Nikaziweka yunit trasti, ule mfuko ambao watu wengi wanachanga pesa na kampuni inawawekezea, nikawa nachota kila nikihitaji. Uzuri wake ni kwamba unaomba leo na baada ya siku chache pesa iko kwa akaunti, na ubaya wake ni huohuo. Ada ya mtoto wa kaka, paa la nyumba ya mama Tororo, kijana wangu akaniambia "Mama nisaidie tu nimalizie hii boda nitakurudishia", unajua mwenyewe. Miezi 26 baadaye naangalia simu nakuta milioni 118, na hapo riba imeshahesabiwa ndani.

Kilichonitisha zaidi ni mama. Ana miaka 93, anakula posho yake, anatukana kuku wa jirani, dada yake alifariki na 97. Watu wananiambia Uganda wastani wa kuishi ni sitini na kitu, lakini wastani ule unahesabu na watoto wanaokufa wachanga, mtu aliyeshafika 57 kama mimi huo si wastani wake tena. Kwa ukoo wetu nikajiambia nipange pesa ifike 95, yaani miaka 38, ndefu kuliko ile niliyofanya kazi!

Ndio nikaanza kuuliza anyuiti. Unawapa kampuni ya bima pesa yako, hairudi, wao wanakulipa kila mwezi mpaka unakufa. Ajenti wa kwanza akanipa hesabu tamu kweli, nikakaribia kusaini, halafu nikamuuliza swali moja tu, "nikifika 95 mwezi huo mnanilipa ngapi?" Akageuza karatasi, akageuza tena. Kumbe ile ilikuwa ya miaka 15 tu halafu inaisha, wanaiita anyuiti lakini kwangu ingekatika nina 72. Basi wewe ukiletewa, tafuta kwa karatasi palipoandikwa kwamba wanalipa muda wote ukiwa hai. Ukiona idadi ya miaka tu, hiyo ni pesa yako mwenyewe wanakurudishia polepole na riba yake.

Kampuni ya pili walikuwa na ya maisha kabisa, na dhamana ya miaka 10, maana yake nikifa mapema watoto wanalipwa mpaka miaka 10 itimie. Kwa kila milioni 100 walinipa njia mbili. Ya kwanza 1,050,000 kwa mwezi haibadiliki milele. Ya pili inaanza 700,000 lakini inapanda asilimia 5 kila mwaka. Macho yote yanaenda kwa ile milioni, na mimi pia yalienda. Nikakaa na kalkuleta na chai. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, na hiyo 5 ndio lengo lenyewe la Benki Kuu ya Uganda, ile 1,050,000 nikiwa na 82 itanunua vitu vya kama 310,000 ya leo. Hiyo ni umeme na dawa ya presha, sabuni utajua mwenyewe. Ile inayopanda inaipita nyingine mwaka wa kumi, na ukijumlisha zote ulizopokea toka mwanzo inakuja kuongoza mwaka wa 17, kwangu hapo nina 74. Kwa hiyo anayejua ana ugonjwa mkubwa hiyo inayopanda haimfai, lakini mtu wa ukoo wa mama yangu ndio yake.

Sasa binamu yangu ambaye alifanya kazi benki akaniharibia hesabu. Akaniuliza, dada, mbona usinunue bondi ya serikali, unaikopesha serikali inakulipa riba na mwisho inakurudishia pesa yako? Ya miaka 15 wakati ule ilikuwa inatoa kama asilimia 15, na bondi za kuanzia miaka 10 kodi ya zuio inayokatwa kwa riba ni asilimia 10 badala ya 20, kwa hiyo mkononi 13.5. Milioni 100 inakupa 1,125,000 kwa mwezi na pesa yenyewe bado ni yako! Nikaona hawa wa bima ni wezi.

Si wezi. Anyuiti inalipa vizuri kwa sababu wanaokufa mapema wanawaachia pesa wanaobaki, na watu wa miaka 57 wachache ndio wanakufa, kwa hiyo kinachogawanywa ni kidogo, bondi inashinda. Nikawaambia wanipigie hesabu ya mwanamke wa 72, ileile inayopanda, ikaanzia kama 950,000 badala ya 700,000. Umri ndio unanenepesha. Na bondi nayo ina mtego wake, ukila riba yote basi baada ya miaka 15 unarudishiwa milioni 100 ileile ambayo imeshakuwa nusu ya thamani, tena unanunua bondi nyingine kwa riba itakayokuwepo siku hiyo, inaweza kuwa 15 inaweza kuwa 9. Unakula mtaji bila kuona.

Nilichofanya ni hiki. Milioni 30 nimenunua anyuiti inayopanda, naanza na 210,000, hiyo ni chakula na dawa, hata nikisahau jina langu itaingia. Na hilo la kusahau silisemi kwa utani, mama siku hizi ananiuliza mara tatu kama amekunywa chai, je huyo ndio angekaa kupanga bondi? Milioni 70 nikafungua akaunti ya CSD kupitia benki, ile ya Benki Kuu inayotunza bondi zako, nikanunua bondi ya miaka 15 inayoiva nikiwa na 72. Kila miezi sita inaleta 4,725,000 baada ya kodi, nakula 2,800,000, inayobaki 1,925,000 inarudi kununua bondi ndogo, kwa sababu asilimia 5 ya milioni 70 kwa nusu mwaka ni 1,750,000 na hiyo ndio mfumuko unakula. Hizo ndogo unaweza kununua kuanzia shilingi 100,000 kwa hiyo hakuna kisingizio. Milioni 18 imebaki yunit trasti kwa dharura.

Bondi ikiiva sehemu yake kubwa naipeleka kwa anyuiti ya pili, kama bei ya siku hiyo ni nzuri, riba ikiwa imeshuka sana anyuiti nayo itakuwa ghali na nitapunguza.

Jumla napata kama 677,000 kwa mwezi, nyumba ni yangu, si utajiri. Na kwa ile milioni 18 nimeweka sharti, nimewaambia watoto ni ya hospitali. Wiki ya kwanza tu kijana wa boda akapiga, nikamwambia pesa iko bondi, inaiva nikiwa na 72. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, basi hata spea za pikipiki?" Nikampa elfu hamsini kwa pesa ya mboga.